Pauni ilishauzwa kupita kiasi, ikaendelea kuuzwa: kisa cha dogo wa Kariakoo, Septemba 2022

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu, mwenyewe kaniruhusu nikiandike ila jina nibadilishe, kwa hiyo tumuite Shabani. Mwaka 2022 alikuwa na miaka 23, anauza kava na chaja kwenye duka la anko wake mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, na jioni mpaka usiku anatredi foreksi kwa simu. Akaunti yake ilikuwa na dola 500, kwa bei ya dola ya kipindi kile ni kama milioni moja na laki moja na sitini hivi, na hiyo hela hakukopa wala hakupewa, aliikusanya kidogokidogo kwenye faida ya duka kwa miezi nane. Naisema mapema ili ukifika kule chini ujue tunazungumzia nini.

Silaha yake ilikuwa moja tu, RSI ya siku 14, kile kimstari kinachocheza kati ya 0 na 100 chini ya bei, kwenye chati ya siku, yaani D1. Aliambiwa na jamaa waliomtangulia kwamba mstari ukishuka chini ya 30 soko limeuzwa kupita kiasi, kwa lugha ya matreda ni ovasoldi, na kitu kilichouzwa kupita kiasi lazima kipande, kwa hiyo unaingia bai. Ukipita 70, kinyume chake. Hiyo ndo ilikuwa elimu yote, na kusema ukweli wengi wetu tulianzia hapohapo.

Sasa pauni ya Uingereza mwaka ule ilianza ikicheza juu ya 1.35 dhidi ya dola, Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba kwa nguvu, dola ikawa inapanda dhidi ya karibu kila sarafu, na pauni ikawa inashuka mwezi baada ya mwezi. Inashuka, inapumua kidogo, inashuka tena chini zaidi. Kila kilele kipya kilikuwa chini ya kilele kilichopita. Tarehe 26 Agosti iligusa 1.1900 ikashindwa, ikaporomoka, na kuingia Septemba RSI ya D1 ikawa imezama chini ya 30. Shabani akaona mlango umefunguka.

Alhamisi tarehe 1 Septemba akaingia bai loti 0.03 kwenye 1.1580. Kesho yake bei ikashuka, RSI nayo ikashuka zaidi, akaongeza 0.03 kwenye 1.1510. Jumatatu tarehe 5 soko likafungua chini, RSI bado ipo kulekule, akaongeza 0.04 kwenye 1.1460. Hakuweka stop losi hata moja, ile oda ya kukutoa bei ikifika hasara uliyoikubali, na ukimuuliza kwa nini anakujibu kwa dhati kabisa, "Kaka, stop ya nini wakati ishu yenyewe imeshauzwa sana, hapa ni kusubiri tu."

Jumla akawa na loti 0.10, yaani kila pipsi moja, ile 0.0001 ya bei, ni dola moja, na wastani wa bei aliyonunulia ni 1.1511. Tarehe 7 pauni ikashuka mpaka karibu na 1.1400, sehemu ambayo haikuwahi kufika toka 1985. Akaunti ikawa inaonyesha hasara ya zaidi ya dola mia. Aliniambia baadaye kuwa usiku ule hakulala, alikuwa anaamka kila saa anafungua MetaTrader, anaangalia, anaifunga, dakika mbili anafungua tena.

Halafu pauni ikapanda. Tarehe 12 ikapita 1.1700, Shabani akafunga zote kwenye 1.1680, pipsi 169 juu ya wastani wake, dola 169 ukiacha gharama za broka, spredi na swopu. Akaunti ikawa dola 669.

Mi naamini hapa ndipo alipoumia, sio kule mbele akaunti ilipoungua. Maana pale soko lilimthibitishia vitu vitatu kwa mpigo: kwamba RSI chini ya 30 ni ya kununua, kwamba ikiendelea kushuka unaongeza, na kwamba stop losi ingemnyima faida. Na ni kweli ingemnyima, stop ya pipsi 100 kwenye ile bai ya kwanza ingeliwa. Kwa hiyo huwezi kumwambia mtu kitu siku hiyo. Alinipigia simu, "Shikamoo kaka, pauni imenilipa," nikamwambia marahaba, hongera, ila angalia hiyo 1.17 iko chini sana ya ile 1.19 ya Agosti, hapo soko limepumua tu halijageuka. Akasema sawa kaka. Unajua ile sawa ya kijana mwenye faida mfukoni, haina kitu ndani yake, na mi nilitakiwa nimfuate Kariakoo siku ileile nikae naye, sikwenda.

Kesho yake tu, tarehe 13, takwimu za mfumuko wa bei Marekani zikatoka juu ya matarajio, dola ikapaa, pauni ikarudi 1.15 kwa siku moja. Ijumaa tarehe 16 ikavunja ile 1.1400 na kushuka mpaka kwenye 1.1350. Safari hii RSI ya D1 ilikuwa haijakaa sawasawa chini ya 30, sasa yeye akahamia H4, chati ya saa nnenne, huko akaikuta iko chini, akaridhika. Hii tabia iangalie sana ukiiona kwako. Mtu anayetafuta ruhusa ya kununua anabadilisha chati mpaka apate inayomkubalia.

Akaingia 0.05 kwenye 1.1400. Jumatano tarehe 21, siku ambayo usiku wake saa tatu Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kwa asilimia 0.75, pauni ikashuka na D1 nayo sasa ikawa ovasoldi, akaongeza 0.05 kwenye 1.1300. Alhamisi tarehe 22 asubuhi akaongeza 0.08 kwenye 1.1230, maana sasa chati zote mbili zinasema kitu kimoja, na mchana saa nane Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa inatangaza riba, yeye akaona hiyo ndo itaiinua pauni. Riba ikapandishwa kwa asilimia 0.5, pauni ikachezacheza, siku ikaisha karibu palepale.

Tuhesabu mzigo aliolala nao. Loti 0.18, kila pipsi ni dola 1.80, wastani wa bei 1.1297. Akaunti yenye dola 669 na mzigo kama huo inaweza kuvumilia pipsi 370 hivi kisha imekwisha. Pipsi 370 zinaonekana nyingi ukizitazama kwenye simu, ila pauni kutoka 1.1700 mpaka 1.1350 ilikuwa imeshatembea 350 ndani ya wiki hiyohiyo iliyopita, na yeye aliiona kwa macho yake.

Ijumaa tarehe 23 Septemba, saa tano na nusu asubuhi kwa saa zetu, Waziri wa Fedha wa Uingereza Kwasi Kwarteng akasimama bungeni kutangaza punguzo kubwa la kodi huku serikali ikipanga kukopa zaidi. Soko likakosa imani na madeni ya Uingereza, hatifungani zao zikauzwa na pauni ikauzwa. Shabani alikuwa dukani anahudumia wateja. Ananiambia kulikuwa na mama anachagua kava, anataka ya bluu sio ile ya kijani, na simu yake imelala juu ya kaunta akiiona namba nyekundu inabadilika, toa mia na sabini, toa mia mbili na tisini, na anamjibu yule mama "ya bluu ipo ngoja nikuangalizie" huku mikono inatetemeka. Akawa anajiambia RSI sasa iko chini ambako hajawahi kuiona, haiwezi kuzidi hapo. Jioni bei ilipofika karibu 1.0936 broka akamfungia mwenyewe trediz zote, maana masharti ya akaunti yake ni kwamba salio likibaki nusu ya dhamana ya mzigo linafungwa. Zilibaki dola 20.

Siku iliisha kwenye maeneo ya 1.0850. Jumatatu tarehe 26 alfajiri, masoko ya Asia yakiwa wazi, pauni ikagusa karibu 1.0350, chini kuliko wakati wowote katika historia yake dhidi ya dola.

Alikuja kwangu Magomeni Jumanne usiku, tukakaa pale kwenye benchi la kahawa. Hakulia ila alikuwa ananong'ona, na swali lake lilikuwa moja. "Kaka, RSI ilikuwa chini ya 30. Inawezekanaje iwe chini ya 30 halafu bei ishuke pipsi mia saba, nane?"

Hili swali ni zuri kuliko watu wanavyolichukulia, wengi wanalijibu kwa "usishindane na trendi" wanaishia hapo, mtu anaondoka hajaelewa kilichotokea ndani ya kile kimstari. Nikachukua kiberiti cha muuza kahawa nikamwaga vijiti kwenye benchi.

RSI ni kazi ya Mmarekani anaitwa J. Welles Wilder, mhandisi wa mitambo, aliitoa 1978. Ndani yake hakuna kitu kinachojua bei ni rahisi au ghali. Inachukua siku 14, inajumlisha pipsi za siku zilizopanda, inajumlisha pipsi za siku zilizoshuka, inalinganisha. Fomula ni hii:

```
RS  = wastani wa kupanda / wastani wa kushuka
RSI = 100 - 100 / (1 + RS)
```

Ukiifungua hiyo fomula inakuwa kitu rahisi kabisa, ni kupanda gawanya kwa kupanda na kushuka kwa pamoja, zidisha mia. RSI ikisoma 25 imekwambia hivi, katika mwendo wote wa hizi siku, robo ulikuwa wa kwenda juu na robo tatu wa kwenda chini. Basi. Haijakwambia mwendo huo umeishia wapi, wala kwamba wauzaji wamechoka.

Nikapanga vijiti. Kijiti kimoja ni pipsi 20. Siku moja soko linashuka vijiti vitatu, siku inayofuata linapanda kijiti kimoja, linashuka vitatu, linapanda kimoja, hivohivo. Baada ya siku 14 una vijiti 7 vya kupanda na 21 vya kushuka. Saba gawanya kwa 28 ni robo, RSI ni 25, na bei imeshuka vijiti 14, yaani pipsi 280. Nikamwambia sasa wewe umeingia bai hapa, maana umeona 25, ndio? Akasema ndio.

Nikaendelea kupanga siku 14 nyingine za mwendo uleule. Kupanda 7, kushuka 21. Nikamuuliza RSI ngapi. Akahesabu kwa kidole, akanyamaza, akahesabu tena. "Ishirini na tano." Bei je? "Imeshuka vijiti kumi na nne vingine." Mstari wa RSI haujasogea, na pipsi 280 zimekwenda.

Nikapanga mara ya tatu, ila sasa nikafanya wauzaji wamepungua nguvu, siku ya kushuka vijiti viwili badala ya vitatu, siku ya kupanda bado kimoja. Kupanda 7, kushuka 14, saba gawanya kwa 21 ni theluthi, RSI inasoma 33. Imetoka kwenye ovasoldi, kule kwenye magrupu ndo wanasema tayari imegeuka, tena watakuonyesha na deivajensi, bei iko chini zaidi ila RSI iko juu zaidi. Na bei imeshuka vijiti saba vingine, pipsi 140 nyingine. Ukijumlisha toka ile bai uko chini pipsi 420, wakati RSI imetulia kwanza halafu imepanda.

Shabani akabaki anaviangalia vile vijiti muda, akasema taratibu, "Kwa hiyo inaweza kukaa hapo." Ndio inaweza kukaa hapo, ili mradi soko linaendelea kupoteza tatu kwa kila moja linayorudisha. Kwenye simu yako namba itachezacheza kidogo, maana Wilder alitumia wastani unaobeba kumbukumbu, kila siku unachukua wastani wa jana mara 13 unajumlisha ya leo unagawa kwa 14, lakini mantiki ni hiyohiyo ya vijiti.

Ndo maana wale waliokaa na RSI miaka mingi, kina Andrew Cardwell na Constance Brown, walikuja kusema 30 na 70 sio kuta za kudumu, zinahama kulingana na hali ya soko. Kwenye soko linalopanda RSI huwa inacheza kama kati ya 40 na 80, ikirudi 40 inakuwa imeshapumua vya kutosha. Kwenye soko linaloshuka inacheza kama kati ya 20 na 60, yaani chini ya 30 ni maisha ya kawaida na sehemu ya kuangalia kwa makini ni kule juu kwenye 50 na 60, hapo ndo kupanda huishia. Sio sheria ya namba kamili, ni eneo, ila ukirudi nyuma kwenye chati ya pauni ya mwaka ule utaona vizuri RSI ikipanda mpaka katikati au juu yake kidogo halafu bei inaanguka tena. Ile 1.1700 ya tarehe 12 Septemba ilikuwa mojawapo. Yaani siku Shabani anafunga bai yake kwa furaha, kwa mtu anayesoma soko la kushuka ile ilikuwa siku ya kutafuta pa kusel, stop juu ya 1.1900.

Akaniuliza kitu ambacho nilikuwa nakisubiri. "Lakini kaka si pauni itapanda? Ningekuwa na hela zaidi ningesubiri." Na kweli ilipanda. Kesho yake tu, Jumatano tarehe 28, Benki Kuu ya Uingereza ikaingia kununua hatifungani za serikali kutuliza soko, mwezi ukaisha pauni iko maeneo ya 1.11, na tarehe 5 Oktoba ikakaribia 1.1500, juu kabisa ya wastani wake wa 1.1297. Mtu akikwambia RSI ilidanganya ana makosa, soko lilikuwa limeuzwa kupita kiasi na likarudi. Ila hesabu njia ya kufika huko. Kutoka 1.1297 mpaka 1.0350 ni pipsi karibu 950, mara dola 1.80, ni dola 1,700 na kitu. Yeye alikuwa na 669. Ishara inaweza kuwa sahihi na wewe usiwepo ikilipa.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo mi naona ndo mzizi, nikamwambia na ninalisema hapa kwa uzito. Angalia zile bai zake tatu za mara ya pili, 1.1400, 1.1300, 1.1230. Kila alipozidi kukosea, ishara ilizidi kuwa nzuri machoni pake. RSI 29 ni ya kununua, basi 24 ni ya kununua zaidi, na 20 ni ya kuuza mpaka jiko ununue. Ishara ya aina hiyo haina mahali inapokwambia "hapa umekosea, toka." Bei ina mahali hapo. Ukinunua kwenye 1.1400 kwa sababu 1.1350 imezuia, siku 1.1350 ikivunjika sababu yako imekufa, unatoka na pipsi 50 au 60 zako. RSI yenyewe haiwezi kufa hivyo, kwa sababu kadiri unavyopoteza ndo inavyozidi kukuunga mkono, na mtu akishaondoa stop losi hapo akaweka kuongeza mzigo, hakuna kitu tena kwenye mfumo wake kinachoweza kumsimamisha isipokuwa broka.

Kuhusu ile Ijumaa, watu wengine watasema ilikuwa habari tu, nani angejua Kwarteng atasema nini. Ni kweli, hakuna chati iliyojua. Ila soko lililokuwa linashuka toka Januari, lenye vilele vinavyopungua, likipigwa na habari mbaya huwa linaanguka kwenye upande ambao tayari lilikuwa limeelekea, na habari ya namna hiyo inakukuta na loti ulizonazo, sio ulizotamani kuwa nazo. Angekuwa na ile 0.05 ya kwanza peke yake na stop chini ya 1.1350, tarehe 20, 21 angekuwa ameshatolewa na hasara ya dola 30 hivi, na Ijumaa angekuwa anauza kava kwa amani.

Alichokifanya baada ya hapo nimekipenda, ndo maana nimeandika. Zile dola 20 alizitoa akamnunulia mama yake gesi. Hakurudisha hela kwenye akaunti, alifungua ya majaribio, na akanunua daftari la mistari, kila usiku akifunga duka anaandika kwa mkono pipsi za siku, safu ya kupanda na safu ya kushuka, anajumlisha siku 14, anapiga RSI mwenyewe kwa kikokotoo cha duka. Nilimwambia huna haja, simu inakupa, akasema, "Kaka nataka nizoee kuona kilichomo." Kwa wiki kadhaa akawa ananitumia picha ya ukurasa wa daftari kwa wasap badala ya picha ya chati.

Tulikubaliana kitu kimoja cha kutafuta, kwamba soko la kushuka halijaisha mpaka bei iache kutengeneza chini mpya na RSI ivuke 60, halafu ikirudi isizame, ikae juu ya 40. Akasubiri. Tarehe 12 Oktoba pauni ilishuka mpaka 1.0924 hivi, haikufika chini ya ile ya Septemba. Mwanzoni mwa Novemba ikashuka tena lakini ikazuiwa maeneo ya 1.1150, juu ya ile ya Oktoba. Tarehe 10 Novemba mfumuko wa bei Marekani ukatoka chini ya matarajio, dola ikaanguka, pauni ikaruka, ikaivuka ile 1.1700 iliyomlipa Septemba na siku chache baadaye ikagusa 1.20 kabla ya kuanza kurudi.

Tarehe 17 Novemba saa mbili usiku nikapata meseji na picha ya daftari. "Shikamoo kaka. RSI ilishavuka 60, bei imerudi 1.1800 na RSI bado haijagusa 40. Nimeingia bai 0.01 kwenye ile ya majaribio. Stop 1.1690."

Nikamjibu marahaba, nikamuuliza kwa nini 1.1690 na sio 1.1650 au 1.1750.

"Kwa sababu kile kilele cha Septemba kilikuwa 1.17 na kitu, tumekivuka. Ikirudi chini ya 1.17 maana yake imeshindwa kukaa juu yake, mi nitakuwa nimekosea, hata RSI iseme nini."